Nani Anajua Gesi Inakwisha Lini?

Hotuba kwa wanandoa na washauri wa ndoa, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Nawashukuru walioandaa mkutano huu, na kwa namna ya pekee nawashukuru kina baba mliokuja. Mada ya kazi za nyumbani ikitangazwa, mara nyingi ukumbi hujaa kina mama watupu, tukabaki tunawasema watu ambao hawapo kujibu.

Naomba nianze na mtungi wa gesi, maana ugomvi mwingi ninaoletewa katika kazi yangu ya ushauri umejificha kwenye vitu vya aina hiyo. Mume anasema, "Gesi nanunua mimi." Na ni kweli, fedha ni yake na mtungi analeta yeye. Lakini tuufuate mtungi huo toka mwanzo. Kuna mtu aliyekumbuka kwamba gesi ya mwisho ilinunuliwa kabla ya mfungo, kwamba mwezi huu maharage yamechemshwa mara nyingi, na kwamba ule mtungi wa kilo 15 ukiuinua sasa hivi ni mwepesi. Mtu huyo akaanza kupima kichwani: tununue mkubwa tena, au wa kilo 6 utuvushe mpaka mshahara, au tupikie mkaa siku mbili tatu? Akamweleza mwenzake, wakaamua wote wawili kununua mkubwa. Asubuhi akakumbusha. Saa nane mchana akatuma ujumbe. Jioni akaangalia kama mtungi umefika, akapaka povu la sabuni kwenye mpira kuona kama unavuja. Mtungi uliobebwa na baba umeonekana na majirani wote. Hayo mengine hayakuonekana na mtu, na aliyeyafanya mwenyewe akiulizwa jioni leo umefanya nini, hatayataja.

Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Allison Daminger, aliwahoji wanandoa 35, mke peke yake na mume peke yake, kisha mwaka 2019 akachapisha alichokiona. Aliigawa kazi hii ya kichwani katika hatua nne. Kwanza ni kuona jambo linakuja kabla halijafika. Pili ni kutafuta njia zilizopo. Tatu ni kuamua. Nne ni kufuatilia kama lililoamuliwa limetendeka. Katika familia alizozihoji, hatua ya kuamua ndiyo iliyogawanywa kwa usawa zaidi. Hatua ya kwanza na ya mwisho, yaani kutangulia kuona na kufuatilia, zilielemea zaidi upande wa wanawake. Sasa angalieni: kuamua ndiko kunakoonekana, ndiko kwenye heshima, na huchukua dakika mbili. Kutangulia kuona na kufuatilia hakuna saa maalumu. Mama anavifanya akiwa kwenye daladala, akiwa kazini, akiwa amelala macho yamefumba.

Ndiyo maana mume anaweza kusema kwa moyo mweupe, "Sisi kila kitu tunaamua pamoja," na mke akasema kwa moyo mweupe vile vile, "Nyumba hii naibeba peke yangu." Nimewasikia wakisema hivyo wakiwa wamekaa kiti kimoja, na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Pamoja na kazi ya kichwani ipo kazi ya moyo. Arlie Hochschild, naye mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege ambao sehemu ya kazi yao ilikuwa kuipanga hisia yao ili abiria ajisikie vizuri: kutabasamu ukiwa umechoka, kumtuliza anayekutukana. Wale walikuwa wanalipwa. Miaka michache baadaye alihamia majumbani kuangalia wanawake wanaotoka kazini na kuanza zamu ya pili jikoni. Kazi ya moyo ya nyumbani kwetu tunaijua. Ni kumpigia mama mkwe Jumapili asije akasema ametelekezwa. Ni kujua kwamba mtoto wa kati siku hizi hasemi, na kutafuta namna ya kumsemesha. Ni kumpokea baba aliyerudi amevimba, ukawanyamazisha watoto, ukangoja ale kwanza kabla hujamweleza habari ya ada. Ni daftari la michango: nani alituchangia harusi yetu, nani amefiwa, tukitoa kiasi gani hatutaonekana wabaya. Fedha inatumwa na baba kwa simu. Nani alijua kwamba inatakiwa itumwe?

Najua nyumba nyingi hapa zina dada wa kazi, na baba mwingine anajiuliza, kama yupo dada, kuna kazi gani tena ya kugombania? Dada anapunguza kazi ya mikono, na anapunguza sana. Ila kazi ya kichwa anaiongeza. Kuna mtu wa kumtafuta, kumfundisha chakula cha mtoto mwenye pumu, kumsuluhisha na watoto, kumfariji akipata habari mbaya za kwao, kumpangia likizo ya Krismasi na kuanza kuwaza tangu Novemba kama atarudi au harudi. Mshahara wa dada mara nyingi hutoka kwa baba, lakini dada akiondoka asubuhi bila kuaga, simu ya kwanza hupigwa kwa mama. Na ni mama anayeomba ruhusa kazini.

Sasa nije kwenye kiini cha nilichokuja kusema. Watu wengi hudhani kwamba kinachoamua furaha ya ndoa ni nani anafanya saa nyingi. Saa zenyewe ni tofauti kweli. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanyika Kenya mwaka 2021 ulikuta wanawake wakitumia karibu saa nne na nusu kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo, na wanaume chini ya saa moja. Lakini ukichukua wake wawili wenye saa zile zile nne na nusu, mmoja anaweza kuwa ameridhika na ndoa yake na mwingine anahesabu siku za kuondoka. Kinachowatenganisha mara nyingi ni kama mtu anaona mgawanyo huo ni wa haki. Hilo limeonekana katika tafiti nyingi tangu miaka ya 1990: hisia ya haki inaendana na kuridhika na ndoa kuliko zinavyoendana saa zenyewe, hasa kwa wanawake. Nasema "inaendana" kwa makusudi. Aliyekwisha kuchoka na mwenzake naye huanza kuona dhuluma hata kwenye sahani moja, kwa hiyo mambo haya mawili yanasukumana, na si rahisi kusema lipi lilitangulia.

Basi mtu anaamuaje kwamba jambo ni la haki? Mwaka 1991 mtafiti Linda Thompson alilieleza kwa namna ambayo sijapata bado iliyo bora zaidi. Alisema mwanamke huangalia mambo matatu: anapata nini anachokithamini, anajilinganisha na nani, na sababu anazopewa za mgawanyo kuwa ulivyo anazikubali au hazikubali. Ningependa tukae hapo kwenye kujilinganisha, maana kwetu hapo ndipo penye mambo.

Bibi harusi wa hapa hujilinganisha na nani? Na mama yake, aliyechota maji kisimani. Na shangazi. Na jirani ambaye mume wake haachi hata ya mboga. Akijipima na hao, yeye yuko peponi: ana bomba ndani, ana jiko la gesi, na mume hapigi. Kungwi amemfundisha kumsoma mume usoni, kujua lini aseme na lini anyamaze. Kwenye kicheni pati wamemwambia nyumba ni mwanamke. Nayaheshimu mafunzo hayo, yamebeba akili nyingi kuhusu watu. Tatizo langu ni kwamba darasa la kusoma uso wa mwenzako limefunguliwa kwa upande mmoja tu, na yule wa upande wa pili anaingia kwenye ndoa akiamini kwamba amani aliyoikuta nyumbani imejiotea yenyewe.

Kwa muda, mwanamke huyu anaona mambo ni ya haki, na anaridhika kweli. Mary Clare Lennon na Sarah Rosenfield walichunguza takwimu za Marekani na kuchapisha mwaka 1994. Wake walikuwa wanafanya takribani theluthi mbili ya kazi za nyumbani, na wengi wao, pamoja na waume zao, waliona ni sawa. Kilichotofautisha waliosema si sawa ni kwamba walikuwa na pengine pa kwenda, maana yake kipato na uwezo wa kuishi nje ya ndoa hiyo. Asiye na pa kwenda huelekea zaidi kusema ni haki. Na wale walioona si haki ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za unyong'onyevu wa moyo.

Hapa ndipo nataka kina baba wanisikilize. Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kwa wanaume ni haya: "Mke wangu alikuwa mtu mzuri, tangu ameingia vikoba amebadilika." Au tangu amesoma. Au tangu amepata ajira. Anadhani wanawake wa kikundi wamemjaza maneno. Mimi nikimwuliza mke, kazi za nyumbani hazijaongezeka hata moja. Kilichobadilika ni yule anayejilinganisha naye. Zamani alijipima na mama yake, sasa anajipima na wewe: wote wawili tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, wote tunarudi jioni, wote tunaleta fedha, kwa nini mmoja akifika anakaa na mwingine akifika anaanza? Na ile sababu ya zamani, kwamba baba ndiye anayetafuta, imekufa siku ile naye alipoanza kutafuta. Mume anakazania sababu iliyokwisha kufa, mke anaisikia kama dharau. Hakuna aliyemharibu.

Na washauri wenzangu, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, hili linatuhusu. Mke akituambia "nimeridhika, nimezoea", tusikimbilie kuandika kwamba ndoa hii ni salama. Tuulize kwanza kama ana uwezo wa kusema vinginevyo.

Kuna jambo la pili linalovuruga hisia ya haki, nalo halina mke wala mume. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwachukua wanandoa 37 nchini Kanada, wakawapa orodha ya shughuli 20 za nyumbani, na kila mmoja peke yake aonyeshe sehemu anayoifanya yeye. Ukijumlisha ya mke na ya mume kwa shughuli moja, inatakiwa ipatikane nzima moja. Kwenye shughuli 16 kati ya 20 jumla ilizidi. Mtu atasema, aa, kila mmoja alijipendelea. Lakini orodha ile ilikuwa na mambo mabaya pia, kama kuanzisha ugomvi, na huko nako watu walijipa sehemu kubwa. Sababu kubwa ni kumbukumbu. Ulichokifanya wewe unakikumbuka kwa mwili: jasho lake, usingizi wake. Alichokifanya mwenzako ulikuta kimekwisha. Na kazi ya kichwani ndiyo inayopotea zaidi, kwa sababu hata ukiwa umekaa karibu naye hutaiona ikifanyika.

Nawapa mfano. Ni wanandoa kadhaa nimewachanganya wakawa mmoja, ili mtu asije akatambulika. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, mume ni fundi wa mafriji mwenye kibanda chake. Watoto watatu, na dada wa kazi. Walikuja wakiwa hawasemeshani vizuri. Mume alisema mke amekuwa baridi chumbani na kila neno ni ukali. Mke alisema hana ugonjwa wowote, amechoka tu kuwa mama wa watu wanne. Nilipowaomba kila mmoja aandike pembeni anabeba kiasi gani cha nyumba katika mia, mke aliandika 80, mume 50. Mia na thelathini. Tungeanza kubishania 30 ile ya ziada tungekuwa hapo mpaka leo.

Niliwaomba wachukue mambo machache tu na kuyafuata jinsi tulivyoufuata ule mtungi: nani anaona, nani anatafuta njia, nani anaamua, nani anafuatilia. Wakachukua gesi, umeme wa luku, sare na mahitaji ya shule, na michango ya ukoo. Mume alijikuta ameandikwa kwenye kulipa, karibu kila mahali, na kwenye kuamua. Mke yuko kwenye kuona na kufuatilia, kila mahali bila kukosa. Mume alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo la maana: "Na mimi kuna ya kwangu hayapo hapa." Akaongea kuhusu mwenye nyumba anayempigia yeye, kodi ya kibanda, vipuri alivyokopa, na shemeji zake ambao wakiwa na shida humpigia yeye moja kwa moja kwa kuwa yeye ndiye mwanaume. Mke alikuwa hajui kwamba kaka yake mwenyewe alikuwa akiomba fedha kila mwezi. Kwa hiyo naye alikuwa na kazi ya moyo aliyoificha, akiamini kuificha ndiyo uanaume.

Nasisitiza hilo kwa sababu hesabu ya haki isiyoutazama upande wa mwanaume haitadumu. Lakini upo utofauti ambao mume huyo mwenyewe aliuona. Mambo yake mengi aliweza kuyasogeza: mwenye nyumba utampigia kesho. Mambo ya mke hayasogei. Mtoto anakula leo, sare inafuliwa usiku huu, joto la mtoto linapimwa saa nane za usiku. Kazi zenye saa yake, zinazorudi kila siku, huchosha kwa namna ambayo kazi kubwa ya mara moja kwa mwezi haichoshi.

Kisha tukahamisha. Sikuwaambia wagawane nusu kwa nusu. Niliwaambia mume achukue mambo mawili mazima, toka kuona mpaka kufuatilia, na mke ayaachie kabisa. Walichagua gesi pamoja na luku, na mahitaji ya shule ya mtoto mkubwa. Kabla ya kukabidhiana walikubaliana kiwango, na hapo ndipo wengi hukosea. Wanakabidhiana kazi bila kukubaliana imalizike vipi, halafu mmoja anakosoa na mwingine anasusa. Hawa walisema wazi: umeme usifike uniti tano bila kununuliwa, sare ziwe zimenyooshwa Jumapili jioni, daftari likiisha linunuliwe kabla mtoto hajaadhibiwa.

Gesi iliisha. Tena jioni, ubwabwa ukiwa nusu. Huo ndio mtihani wenyewe, na nilikuwa nimewaonya. Mke alitaka sana kusema "si nilijua", akajizuia. Mume akaenda kuwasha mkaa, na baadaye akaanza kuandika tarehe ya kununua kwa peni ubavuni mwa mtungi. Alichojifunza jioni ile kisingeingia kwa mahubiri. Mke angekumbusha siku mbili kabla, gesi isingeisha, na kazi ya kichwani ingebaki kwake ile ile, mume akiamini ameichukua. Kipimo ni hicho: kama bado unalazimika kuuliza "imefikia wapi?", jambo hilo bado ni lako. Na kwa upande wa mume, kama bado unauliza "ninunue ya ukubwa gani?", hujalipokea.

Baada ya wiki kadhaa mke alisema jambo ambalo nimelisikia kwa wengine pia. Saa zake za kazi hazikuwa zimepungua sana. Bado alikuwa anapika, bado anasahihisha madaftari usiku. Lakini alisema, "Nikiwa darasani siwazi luku." Na hasira ilikuwa imepungua kuliko kazi ilivyopungua. Hicho ndicho tunachokiita kuona haki: sehemu yake ni mzigo wenyewe, na sehemu ni kujua kwamba kuna mwingine aliyeukodolea macho.

Mnaweza kuuliza hayo yanaingiaje chumbani. Yanaingia kwa mlango wa mbele. Mtu anayeona anadhulumiwa huanza kuyasoma matendo ya mwenzake kwa jicho baya. Viatu vilivyoachwa sebuleni si viatu tena, ni ujumbe kwamba "wewe ni wa kuokota". Akiguswa usiku anahisi ni kazi nyingine imeongezwa kwenye orodha. Daniel Carlson na wenzake, katika utafiti wa wanandoa wa Marekani uliotoka mwaka 2018, waliziangalia kazi moja moja. Kwa wanawake, kazi iliyoonekana kuwa na uzito mkubwa kuliko nyingine ni kuosha vyombo: walioifanya peke yao walieleza ugomvi zaidi na kuridhika kidogo, hata katika tendo la ndoa, kuliko walioshirikiana na waume zao. Kwa nini vyombo? Maelezo yangu ni kwamba vyombo ni uchafu wa watu wengine, vinarudi kila siku, havina sifa. Mpishi husifiwa. Mliwahi kumsikia mtu anasifiwa kwa sufuria safi? Tena ni kazi inayoweza kufanywa na wawili wakiwa wamesimama pamoja wanaongea, na nyumba nyingi hayo ndiyo mazungumzo pekee ya siku.

Hapo hapo niseme kuhusu shukrani, maana watu wa ndoa tunapenda sana kuiagiza kama dawa. Amie Gordon na wenzake walichapisha mwaka 2022 kwamba wanaoona wanafanya zaidi ya sehemu yao huridhika kidogo na ndoa, lakini wakijisikia kuthaminiwa na mwenzao, athari hiyo hupungua. Naikubali, nimeiona. "Ahsante, nimeona umemsimamia mtoto na homework usiku na ulikuwa umechoka" ina nguvu, hasa ikitaja jambo lenyewe. Ila shukrani inalinda muda ule tu ambao mgawanyo una sababu inayokubalika: mume yuko safarini, mke ni mgonjwa, biashara imeyumba. Mwaka wa tano wa "ahsante mke wangu, bila wewe nyumba hii isingesimama" kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, mke anaanza kuisikia kama malipo ya hundi isiyo na fedha. Nimewaona wanawake wanaokereka zaidi na sifa kuliko na ukimya.

Kwa wenzangu Waislamu nakumbusha tu kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imo katika Bukhari. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, hawakuzifanya kazi za nyumbani kuwa wajibu wa kisheria juu ya mke. Kwa hiyo anayesema mgawanyo wa sasa umeteremshwa kutoka mbinguni, akae na sheikh wake azungumze naye.

Hata sheria za nchi zimekwisha kuitambua kazi hii. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Kenya ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inataja, ndani ya michango isiyo ya fedha, kazi za nyumbani, malezi, na hata kule mtu kuwa mwenzi wa mwenzake. Kazi ya moyo imeandikwa kwenye sheria! Lakini hesabu hiyo mara nyingi hufunguliwa siku watu wanapoachana, mbele ya hakimu, na mtu anatakiwa kuthibitisha. Ingekuwa rahisi zaidi kuifungua mezani, sahani zikiwa bado hazijaoshwa.

Wale wanandoa wangu, mwalimu na fundi, hawajamaliza. Michango ya ukoo wamejaribu kuigawa, kila mmoja na upande wa kwao, na imewashinda. Mama wa mume bado akiwa na shida humpigia mkwe, kwa sababu anasema mwanawe hapokei simu vizuri, na mke anaona akimwambia mama ampigie mwanawe ataonekana ana kiburi. Mume ameanza kumpigia mama yake Jumapili mwenyewe. Mama anaongea naye dakika moja, kisha anasema, "Haya nipe mwanangu nimsalimie," akimaanisha mke. Safari hii tunazungumza na mama. Karibuni kwa maswali, na ningeomba wa kwanza atoke upande wa kina baba.